Mzabuni aliyejibu "Ndiyo" kila mahali

Wiki hii tena nimeletewa dodoso la usalama la mzabuni, pamoja na ujumbe wa watu wa manunuzi: "Huyu kajibu Ndiyo maswali yote, tusaini." Jamani, hapana. Anayejaza dodoso ni mzabuni mwenyewe, mara nyingi mtu wake wa mauzo, na jibu linalotakiwa analijua kabla hajamaliza kusoma swali.

Chukueni mfumo wa mishahara wa mtandaoni. Humo mtaweka namba za NIDA, akaunti za benki na mshahara wa kila mfanyakazi. Dodoso linauliza: "Je, mnachukua bakapu na kuzijaribu?" Swali lenyewe limebeba maswali mawili, na "Ndiyo" moja inaweza kuwa imejibu la kwanza tu.

Mzabuni wa kwanza anaandika: "Ndiyo. Tunafuata viwango vya kimataifa." Wa pili anaandika: "Bakapu huchukuliwa kila siku saa nane usiku na hukaa siku 30. Mara ya mwisho tulirejesha hifadhidata nzima mwezi Machi, ikachukua saa sita. Mafaili ya viambatisho bado hatujayajaribu." Manunuzi wanampaka huyu wa pili rangi nyekundu kwa sababu kataja pengo. Mimi ndiye ninayeanza kumwamini. Zile saa sita zina dalili ya mtu aliyekaa akarejesha data akiangalia saa, na naweza kuzifanyia kazi: mfumo ukianguka tarehe 24, saa sita tutazivumilia. Lakini ukianguka saa tano usiku, yote yaliyoingizwa mchana kutwa hayamo kwenye bakapu yoyote. Kwa wiki ya mishahara hilo ni pigo, kwa hiyo namuuliza kama wiki hiyo anaweza kuchukua bakapu kila baada ya saa chache.

Kisha nauliza swali ambalo madodoso mengi hayana: nani anaweza kuzifuta hizo bakapu? Kama akaunti ya msimamizi inayoendesha seva ndiyo hiyo hiyo inayofuta bakapu, mhalifu akiipata nywila moja anafunga data zenu kwa usimbaji, anafuta nakala zote, halafu anadai fedha. Ninachotaka kusikia ni kwamba nakala zipo kwenye akaunti nyingine, na zimefungwa zisifutike kabla ya muda wake. Nikiomba ushahidi, nataka kumbukumbu ya siku waliyorejesha data: tarehe, muda, aliyefanya. Msiniletee sera yenye sahihi ya mkurugenzi. Sera inanieleza walichokusudia kufanya.

Halafu kuna cheti cha usalama wa taarifa. "Wana ISO 27001, unataka nini tena?" Nataka kusoma mstari wa upeo, ule unaosema cheti kinahusu shughuli gani na ofisi ipi. Mara kwa mara cheti kilichoambatishwa ni cha kampuni inayowakodisha seva. Kampuni hiyo inalinda jengo, umeme na mitambo. Nani ana akaunti ndani ya mfumo wa mishahara, aliyeacha kazi kafungiwa lini, kasoro za programu zinazibwa baada ya siku ngapi, hayo ni ya mzabuni, na cheti cha mwenye seva hakiyagusi. Wakileta ripoti ya SOC 2, ambayo mkaguzi wa nje huandika kuhusu ulinzi wa data wa kampuni, naangalia kwanza kama ni aina ya kwanza, inayoeleza hali ya siku moja, au ya pili, inayopima utekelezaji kwa miezi kadhaa. Kisha nakwenda moja kwa moja kwenye kasoro alizoandika mkaguzi na namna walivyozijibu.

Kuna jambo linanisumbua kweli. Dodoso linapima sana ufundi wa kuandika. Kampuni ya mafundi watano hodari inaweza kujibu kwa mkato ikaonekana dhaifu, wakati kampuni kubwa ina mtu ambaye kazi yake ni kupamba majibu tu. Kwa hiyo napunguza maswali na kuomba nusu saa na fundi wao, si mtu wa mauzo. Hata hivyo sina uhakika kwamba njia hii inanionyesha kila kilicho kibovu, na majibu ya leo yanaweza kupitwa na wakati mwezi ujao.

Ndiyo maana muhimu yote nayahamishia kwenye mkataba. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, sisi ndio mkusanyaji na mzabuni ni mchakataji. Wafanyakazi taarifa zao walitupa sisi. Kwa yule mzabuni wa pili ningeandika kifungu kifupi: arejeshe viambatisho kwa majaribio na atutumie kumbukumbu kabla ya mshahara wa kwanza kupita kwenye mfumo wake, kisha arudie kila robo mwaka. Akikataa kifungu hicho, namrudisha kwa manunuzi pamoja na dodoso lake.