Mashine ya Kuchapa Haikusambaza Kitabu Hata Kimoja

Wiki hii nimeisikia tena, na safari hii kutoka kwa mtu anayewafundisha wengine: watawa walikuwa wamefungia vitabu, Gutenberg akatengeneza mashine, maarifa yakawafikia watu wote. Nafundisha historia ya vitabu na sentensi hii imenichosha. Mwanafunzi akishaimeza haoni tena sababu ya kuuliza swali lenye maana kuliko yote hapa: kitabu kikishachapwa, nani anakinunua, na kinamfikiaje?

Habari ya watawa niipite haraka. Miaka ya 1400, katika miji kama Paris, Bologna na Florence, vitabu vingi vilinakiliwa na watu wa kawaida waliolipwa kwa kazi hiyo, na wauzaji wa vitabu walikuwapo tayari. Soko lilikuwa hai kabla ya mashine. Gutenberg alikamilisha Biblia yake kule Mainz karibu na mwaka 1455, nakala zisizozidi 180 hivi, kwa Kilatini, kubwa na ghali. Mwaka huohuo Johann Fust, aliyemkopesha mtaji, alikuwa amemshtaki akidai fedha zake. Ukitaka kuielewa teknolojia hii, anza na lile deni.

Kesi ninayopenda kuwaonyesha wanafunzi ni ya Wajerumani wawili, Konrad Sweynheym na Arnold Pannartz, waliopeleka uchapaji Italia. Walianza karibu na mwaka 1465 katika monasteri ya Subiaco, milimani mashariki ya Roma. Mwaka 1467 walimaliza kuchapa Mji wa Mungu wa Mtakatifu Agustino, kisha wakahamia Roma kwenyewe, katika nyumba ya ukoo wa Massimo. Novemba ya mwaka huo askofu mmoja, Leonardo Dati, alinunua nakala ya Agustino na kuandika ndani yake kwamba ameipata kwa Wajerumani wanaoishi Roma, ambao vitabu vya namna hii hawaviandiki, wanavichapa, tena bila idadi. Ukisoma maneno yale unauona mshangao wake. Lakini mtazame mnunuzi ni nani: askofu, msomi wa Kilatini, mtu ambaye hata bila mashine angekuwa na maktaba.

Sasa tupige hesabu, kwa sababu hapa ndipo watu wanaporuka. Kitabu kile kina majani kama 270 ya ukubwa wa folio, yaani karatasi nzima inakunjwa mara moja na kutoa majani mawili. Nakala moja inakula karatasi 135. Walikuwa na kawaida ya kuchapa nakala 275. Zidisha: karatasi zaidi ya 37,000, kama rimu 74, na karatasi yenyewe ilitengenezwa kwa mikono, moja baada ya nyingine, kutokana na matambara. Rimu hizo ama unazilipia, ama unazikopa, kabla hujauza chochote.

Halafu kuna herufi. Hakuna mchapaji aliyekuwa na herufi za risasi za kutosha kupanga kitabu kizima. Unapanga kurasa chache, unachapa nakala zote 275 za kurasa hizo, unazibomoa, unaziosha herufi na kupanga kurasa zinazofuata. Matokeo yake ni mawili. Kwanza, kwa miezi mingi una marundo ya karatasi zilizochapwa na huna kitabu hata kimoja cha kuuza. Ni nyumba ambayo huwezi kupangisha chumba mpaka bati la mwisho lipigiliwe. Pili, idadi ya nakala unaiamua siku ya kwanza. Ukichapa chache na watu wakataka zaidi, unaanza upya kutoka ukurasa wa kwanza. Ukichapa nyingi mno, zinakukalia.

Mnakili hakuwahi kuwa na tatizo hili. Yeye alinakili kitabu kilichokwisha kuagizwa: mnunuzi alikuwapo kabla ya neno la kwanza kuandikwa. Mchapaji anatengeneza vitabu 275 kwa ajili ya watu asiowajua. Ninavyoona mimi, badiliko kubwa la uchapaji liko hapo. Kasi watu wanaitaja kila siku, lakini kuanza na bidhaa ndipo utafute msomaji kulikuwa jambo geni kabisa katika biashara ya vitabu vya Ulaya, isipokuwa kwa vitabu vidogo vya sala na vya shule.

Nafuu ilikuwapo, siikatai. Giovanni Andrea Bussi, askofu wa Aleria aliyekuwa mhariri wa Wajerumani hawa, alimwandikia Papa Paulo wa Pili mwaka 1468 kwamba vitabu vilivyokuwa vikiuzwa vipande mia vya dhahabu sasa vinapatikana kwa ishirini, hata chini ya hapo, na kwamba maskini naye anaweza kujiwekea maktaba. Bussi alikuwa anasifia bidhaa yake, lakini vyanzo vingine vinaelekea upande huohuo. Katika konventi ya Mtakatifu Yakobo wa Ripoli, Florence, ambako baadhi ya masista walifanya kazi ya kupanga herufi, daftari la hesabu limebaki. Walipochapa tafsiri ya Plato ya Marsilio Ficino, walitoza florini tatu kwa kila fungu la karatasi tano. Mnakili angetoza kama florini moja kwa fungu hilohilo. Lakini florini yake ingetoa nakala moja, na zile tatu zilitoa nakala 1,025.

Basi mtu husoma hadi hapo, anafunga kitabu na kutangaza ushindi wa maarifa. Subiri kidogo. Miaka minne tu baada ya barua ile ya furaha, Machi 1472, Bussi huyohuyo aliandika barua nyingine kwa niaba ya wachapaji haohao, kwa Papa mpya, Sixtus wa Nne. Ni ombi la msaada. Limechapwa ndani ya kitabu chao wenyewe, juzuu la mwisho la ufafanuzi wa Biblia wa Nikolao wa Lyra. Wanaorodhesha kazi zao moja moja na idadi ya nakala: 275, 275, 275, mahali pengine 300. Jumla inapita nakala elfu 11. Kisha wanasema nyumba yao, ambayo ni kubwa, imejaa karatasi zilizochapwa na haina mahitaji ya maisha.

Mashine ilikuwa nzima. Wino ulikuwapo, karatasi ilikuwapo, bei ilikuwa moja ya tano ya zamani. Vitabu vilikuwa vimelala ndani.

Kisa chake kinaonekana kwenye orodha yenyewe. Ni waandishi wa kale, Cicero, Agustino, Lactantius, Jerome, Livy, vyote kwa Kilatini na vyote vya kuwalenga wasomi walewale wa mji mmoja. Msomi akishanunua Cicero mmoja hahitaji wa pili. Na wengine hawakulala. Kitabu cha kwanza cha Wajerumani wetu kule Roma, mwaka 1467, kilikuwa barua za Cicero kwa rafiki zake. Mwaka 1469 Johannes wa Speyer akaanza kuchapa Venisi, na alianza na nini? Barua zilezile. Nakala mia kwanza, kisha mia tatu nyingine mwaka huohuo. Lakini waliojua Kilatini hawakuongezeka kwa kasi hiyo, wala hawangeongezeka. Mashine haimfundishi mtu kusoma.

Wachapaji waliosimama ni wale waliotambua kwamba kazi yao ya pili ni usafirishaji. Peter Schöffer, aliyebaki na kazi ya Mainz pamoja na Fust baada ya Gutenberg kuanguka, alichapa karibu na mwaka 1470 karatasi moja ya tangazo: orodha ya vitabu vyake, na chini nafasi ya kuandika kwa mkono mahali muuzaji anapopatikana. Nakala iliyobaki imeandikwa kwamba muuzaji yuko kwenye nyumba ya wageni iitwayo Mtu wa Mwituni. Kila mji, wakala anaandika jina la gesti aliyofikia. Ukiniuliza maarifa yalisambazwa na nini, nitakuonyesha karatasi hii kabla ya kukuonyesha mashine. Yalisambazwa na mapipa ya karatasi zisizojalidiwa juu ya mikokoteni na mashua, mawakala, maonyesho ya biashara ya Frankfurt, na mikopo ya watu waliokubali kungoja mwaka mzima ndipo walipwe. Venisi ilikuwa na wafanyabiashara wa namna hiyo tele, ndiyo maana iliipita Roma. Na mteja wa mwanzo wa mambo haya alikuwa yuleyule: padri, mwanasheria, mwanafunzi wa chuo kikuu, daktari. Sasa aliweza kuwa na vitabu thelathini mahali pa vitatu, akaviweka mezani vikiwa wazi na kuona vinapingana wapi. Hilo ni jambo kubwa, na silipunguzi. Ila halikumfikia mkulima.

Lakini kuna kitu kinanisumbua katika hoja yangu mwenyewe, na vitabu vingi vya darasani havikitaji. Rudi kwenye orodha ya mwaka 1472. Kitu cha kwanza kinachotajwa ni sarufi ya Donato, kitabu chembamba cha kuwafundishia watoto Kilatini. Walichapa nakala 300 kule Subiaco. Leo hakuna hata moja iliyobaki. Agustino wa mwaka 1467 yupo katika maktaba nyingi, Donato hayupo popote, na bila barua ile ya kuomba msaada tusingejua kwamba aliwahi kuchapwa. Watoto walivitumia vitabu vile mpaka vikachakaa, na vilivyochakaa vilitupwa. Donato wengi waliochapwa Mainz tunawajua kwa vipande tu, kwa sababu wajalidi walivikata na kuvitia ndani ya majalada ya vitabu vingine.

Hati za rehema, zile ambazo Kanisa liliwapa waumini waliotoa sadaka ili wasamehewe adhabu ya dhambi, ni hivyohivyo. Mwaka 1454 na 1455 zilichapwa kule Mainz, zikiachwa na nafasi ya kujaza jina la mtu na tarehe. Hiyo ni karatasi iliyoingia nyumba ambazo hazikuwahi kuona folio. Kwa hiyo tunapohesabu vitabu vilivyobaki na kusema uchapaji wa mwanzo ulikuwa wa wasomi, tunahesabu vile ambavyo havikusomwa sana. Vilivyosomwa mpaka vikafa havimo kwenye hesabu. Huenda wanaosema uchapaji uliwagusa watu wa kawaida mapema wana haki kuliko ninavyowapa, ila kwa njia ya sarufi ya mtoto na fomu ya kanisa, wala si kwa Biblia ya Gutenberg wanayoishika kama ushahidi.

Ushirika wa Wajerumani wale wawili ulivunjika mwaka 1473. Pannartz aliendelea kuchapa peke yake kwa miaka michache. Sweynheym aliacha herufi akageukia kuchonga mabamba ya shaba kwa ajili ya ramani za Ptolemi, mwanajiografia wa kale. Ramani ndiyo iliyokuwa ikiwashinda wanakili kuliko maandishi: kila mkono unasogeza pwani kidogo, na baada ya nakala tano mto hauko mahali pake. Sweynheym alifariki kabla hajamaliza, na mwenzake Arnold Buckinck akakitoa kitabu Roma mwaka 1478, kikiwa na ramani 27, na kila ramani, katika kila nakala, ilitoka kwenye bamba lake lilelile.