Chanjo huharibiwa na barafu kabla ya jua kuifikia

Nikifika kwenye bohari ya chanjo asubuhi ya safari, macho yangu huenda kwanza mezani, kuona kama pakiti za barafu zimetolewa kwenye friza na zinatoka jasho. Zikiwa zinapakiwa moja kwa moja kutoka kwenye friza, nasimamisha kazi.

Kila mtu anajua kwamba chanjo inaogopa joto, kwa hiyo inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8 za Selsiasi. Kinachosahaulika ni ule upande wa chini. Chanjo ya surua na ya matone ya polio hazidhuriki zikiganda. Lakini chanjo ya homa ya ini B, ya pepopunda na ile ya pentavalenti, inayokinga magonjwa matano, hufa kwa baridi kali. Ndani yake kuna chumvi ya alumini, na kiini cha chanjo kimejishika kwenye chembe zake. Maji yakiganda, chembe hizo husukumwa pamoja na kugandamana, na barafu ikiyeyuka hazirudi kama zilivyokuwa. Chanjo ya homa ya ini B inaweza kuganda kwenye takriban nusu nyuzi chini ya sifuri. Friza huwa na nyuzi 20 chini ya sifuri au karibu na hapo. Pakiti iliyotoka humo moja kwa moja na kuwekwa karibu na kichupa inaweza kukigandisha kabla safari haijafika mbali.

Dawa yake ni kusubiri. Tunazipanga pakiti mezani kwa safu moja, zikiachana, na kuziacha hadi tukiitikisa moja tusikie maji yakicheza ndani na barafu ikisogea. Muda hutegemea joto la chumba: mahali pa moto hutosha karibu nusu saa, penye ubaridi huzidi saa moja. Ndiyo maana siifuati saa ya ukutani, nafuata sikio, na natikisa kila pakiti, kwa kuwa zote hazifiki hapo kwa pamoja.

Wenzangu wengi huona tunapoteza baridi ya bure, hasa clinic ikiwa mbali. Basi tupige hesabu. Kibebeo cha chanjo kina pakiti nne za nusu lita na ushei, tuseme jumla ni kilo 2.4 za barafu. Kuipandisha barafu hiyo kutoka nyuzi 20 chini ya sifuri hadi sifuri kunahitaji takriban kilojuli 100. Kuiyeyusha yote, ikiwa tayari ipo kwenye sifuri, kunahitaji takriban kilojuli 800. Baridi inayotusafirisha siku nzima ni hiyo ya kuyeyuka, na tukisubiri hadi maji yaanze tu kusikika, karibu yote bado tunayo. Tunachokiacha mezani ni kama sehemu moja ya tisa, na ndiyo hiyo hiyo inayoua chanjo. Barafu inayoyeyuka haishuki chini ya sifuri, na nafasi ndogo kati yake na vichupa hutosha kuvibakiza juu ya sifuri.

Njiani kifuniko kinafungwa imara na kibebeo kinakaa kivulini. Kituoni, sponji iliyo chini ya kifuniko hubaki mahali pake, na vichupa vilivyofunguliwa huchomekwa kwenye matundu yake wakati wa kazi.

Kichupa kina alama ya kuonyesha joto: mraba wa rangi hafifu ndani ya duara la rangi iliyokolea. Mraba huo hukolea kadiri joto linavyojilimbikiza, na ukifikia rangi ya duara, kichupa hakitumiki. Lakini alama hiyo haioni baridi. Kichupa kilichoganda na kuyeyuka kinaweza kuonyesha mraba wa rangi hafifu bado, na dawa yake haina nguvu.

Tukiwa na shaka, tunafanya jaribio la kutikisa. Tunachukua kichupa kingine cha chanjo ileile, kiwanda kilekile na toleo lilelile, tunakigandisha makusudi hadi kiwe kigumu, kisha tunakiyeyusha. Vyote viwili tunavishika kwa mkono mmoja, tunavitikisa kwa nguvu sekunde 10 hadi 15, tunavisimamisha mezani bila kuvigusa na kuvitazama kwa hadi nusu saa. Kilichoganda huacha mashapo mazito yanayoshuka upesi, na juu yake maji hubaki maangavu. Kile tunachokishuku kikishuka kwa kasi hiyo au zaidi, kinatupwa. Kikishuka polepole kuliko mwenzake, kinafaa. Ila kichupa tulichokikuta kigumu kama barafu hatukifanyii jaribio, kinatupwa palepale.

Pale ambapo mwongozo wa kazi unaruhusu na safari si ndefu, mimi hupendelea kuondoa hatari yote na kutumia pakiti za maji yaliyopozwa kwenye friji badala ya barafu. Hazidumu kama barafu, na mahali pa joto kali chanjo huweza kupanda juu ya nyuzi 8 kabla ya jioni. Lakini kwa kituo cha saa chache, chenye mzigo wa pentavalenti na homa ya ini B, hakuna kichupa kitakachoganda.