Foleni ya benki hujizaa yenyewe

Ilikuwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa nne asubuhi, na mashine ya kutolea fedha nje ya tawi letu hapa Mwanza mjini ilikuwa imeandika kwamba huduma haipatikani. Mtandao ulikatika, basi. Hela zilikuwemo. Waliokuja kuchukua mshahara wakaingia ndani kupanga foleni, foleni ikajaa, ikatoka mlangoni hadi kwenye kivuli cha duka la jirani. Bodaboda aliyepita akauliza kuna nini. Mmoja akamjibu kwa utani, "Benki imeishiwa." Kufikia saa sita utani ule ulikuwa umefika Kirumba Mwaloni kwa wauza dagaa, na ulipofika huko haukuwa utani tena.

Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kusimamia ukwasi, yaani kuhakikisha benki ina fedha za kulipa leo, si za kulipa baadaye tu. Siku ile ndiyo iliyonifundisha kwamba benki isiyo na ubovu wowote inaweza kuangushwa na foleni yake yenyewe. Nataka niieleze hesabu yake polepole, kwa sababu watu wengi hudhani benki huanguka kwa kuwa mtu kaiba au mikopo imeoza. Mara nyingi ni hivyo. Ila kuna anguko la namna nyingine.

Chukua benki ndogo ya mfano. Ina wateja 1,000, kila mmoja ameweka shilingi milioni 2, kwa hiyo amana zote ni bilioni 2. Wenye benki nao wametia mtaji wao wa milioni 200. Jumla ni bilioni 2.2. Milioni 200 zipo taslimu, milioni 400 zipo kwenye dhamana za serikali za muda mfupi ambazo huuzwa kirahisi, na bilioni 1.6 zimekopeshwa. Huyu kanunua injini ya mtumbwi, yule kajenga chanja za kuanikia dagaa, mwingine kachukua Fuso la kupeleka mpunga. Wote wanalipa vizuri, ila wanalipa kwa miezi 24. Huwezi kumfuata mvuvi katikati ya ziwa ukamwambia nipe yote leo.

Wiki ya kawaida wanakuja watu 20 au 30, wanalipwa, wengine wanaweka, maisha yanaendelea. Benki hii haina kasoro: ikidai mikopo yake yote kwa wakati wake, inamlipa kila mtu na milioni 200 zinabaki.

Sasa wakija wengi kwa siku moja? Watu 300 wa kwanza wanalipwa kwa taslimu na dhamana, milioni 600, hakuna kilichoharibika. Mtu wa 301 ndiye anayeleta balaa. Kumlipa yeye, benki lazima iuze mikopo kwa haraka, na anayenunua mikopo ya benki iliyobanwa hanunui kwa huruma. Tuseme anatoa nusu ya thamani. Basi kila milioni 2 anayolipwa mtu inateketeza mikopo ya milioni 4, yaani hasara ya milioni 2. Mtaji wa milioni 200 unaweza kufidia hasara hiyo kwa watu 100 tu. Mpaka mtu wa 400, waliobaki nyumbani bado wako salama kabisa. Baada ya hapo, kila anayelipwa dirishani anatoa kwenye mfuko wa aliyebaki. Na benki ikiuza kila kitu inapata bilioni 1.4, yaani watu 700. Wale 300 wa mwisho hawapati hata senti, katika benki ambayo jana ilikuwa na ziada.

Hapo ndipo penye mtego. Wewe mwenye milioni 2 zako pale, swali lako halihusu hali ya benki. Swali ni moja: wenzangu watakwenda wangapi? Ukiamini hawatafika 400, kubaki nyumbani ni akili, na ukibaki na wenzako wakabaki, benki haifi. Ukiamini watapita 400, kukimbilia dirishani ni akili vilevile, na mkikimbia wote benki inakufa kweli. Imani zote mbili hujithibitisha. Hakuna mjinga kwenye foleni ile. Ndiyo maana huwa sipendi ninaposoma kwamba wateja "walitaharuki bila sababu". Sababu walikuwa nayo: foleni yenyewe. Mwaka 1983 wachumi Douglas Diamond na Philip Dybvig waliiandika hesabu ya namna hii kwa ukamilifu, na mwaka 2022 wakapewa Nobeli ya uchumi pamoja na Ben Bernanke.

Rudi tawini kwetu. Tulifanya jambo moja sahihi na moja la ovyo. La sahihi: tulifungua madirisha yote na kuagiza fedha tawi la Benki Kuu hapahapa Mwanza. La ovyo: mtu wa juu, akiwa mbali na foleni, alituma maagizo kwamba kwa leo mtu asitoe zaidi ya milioni 1. Alitaka fedha zitoshe hadi gari lifike. Karatasi ilipobandikwa mlangoni, nilisikia mlio ambao bado naukumbuka, watu wote wakivuta pumzi kwa pamoja. Waliokuwa wamekuja kuchukua laki mbili za ada wakaamua kuchukua milioni. Kikomo kilikuwa kimewaambia kile ambacho uvumi ulikuwa bado haujawathibitishia.

Sasa, bima ya amana inaingia wapi? Kwa Tanzania ipo Bodi ya Bima ya Amana, na tangu 2023 kinga yake ni hadi shilingi milioni 7.5 kwa mteja mmoja katika benki moja. Kabla ya hapo ilikuwa milioni 1.5. Mteja halipi chochote, benki ndizo zinazochangia mfuko huo kila mwaka kulingana na amana zao. Ukiwa na akaunti tatu katika benki moja, zinajumlishwa. Ukiwa na akaunti katika benki mbili, kila benki ina kinga yake.

Watu huielewa kama bima ya gari: ajali itokee, ulipwe. Kazi hiyo ipo. Januari 2018 Benki Kuu ilipozifunga benki tano kwa upungufu wa mtaji, mojawapo ikiwa ya ushirika wa wakulima wa Kagera, ng'ambo ya pili ya ziwa letu, Bodi ndiyo iliyoteuliwa kuwa mfilisi. Lakini kazi kubwa zaidi hufanyika siku ambayo hailipi kitu. Irudie benki yetu ya mfano. Kila mteja ana milioni 2, chini ya kikomo cha bima. Wenzake wakienda 50 au 900, yeye fedha yake ipo. Swali la "wenzangu watakwenda wangapi?" limekufa. Na kwa kuwa kila mmoja anajua limekufa kwa mwenzake pia, mtu wa 301 hatokei. Mikopo ya wavuvi inaachwa ilipwe kwa miezi yake 24, na mfuko wa bima haujaguswa.

Lakini kinga nusunusu haifanyi kazi hiyo, na hapa Uingereza walijifunza kwa gharama. Septemba 2007 benki yao ya Northern Rock ilikimbiliwa, watu wakajipanga barabarani. Bima ilikuwepo. Ililipa pauni 2,000 za kwanza zote, na asilimia 90 ya pauni 33,000 zilizofuata. Mwenye pauni 20,000 angepata 18,200, tena baada ya kusubiri. Je, wewe usingesimama juani siku moja kuokoa pauni 1,800? Foleni zilianza Ijumaa tarehe 14, na Jumatatu jioni serikali ikatangaza kwamba amana zote zilizokuwa pale zimedhaminiwa. Foleni zikayeyuka. Oktoba 1 bima ikabadilishwa, ikalipa pauni 35,000 zote bila kukata. Sehemu ile ya kumi isiyolipwa iliwekwa ili mteja awe makini kuchagua benki. Makini yenyewe ikawa ni kukimbia.

Kikomo cha bima nacho kina upande wake wa pili: kinawaacha wakubwa nje. Machi 9, 2023, wateja wa Silicon Valley Bank kule Marekani walitoa dola bilioni 42 kwa siku moja, wengi kwa simu na kompyuta, na kesho yake benki ikafungwa. Bima ya Marekani inafika dola 250,000, lakini zaidi ya asilimia 90 ya amana za benki ile zilikuwa juu ya kiwango hicho. Kwa hiyo nikitaka kujua benki fulani inaweza kukimbiliwa kiasi gani, idadi ya wateja hainisaidii sana. Naangalia sehemu gani ya amana iko juu ya kikomo, na iko mikononi mwa wateja wangapi. Benki yenye wauza dagaa elfu kumi wa milioni mbilimbili hulala usingizi. Yenye viwanda vitatu vya minofu vinavyoshikilia theluthi ya amana haipaswi kulala.

Kuhusu hoja kwamba bima humfanya mteja asijali na benki ikopeshe hovyo: ni kweli, na ndiyo sababu bima bila ukaguzi mkali wa Benki Kuu ni hatari. Ila sikubali kwamba muuza dagaa wa Mwaloni ndiye angetusomea mizania.

Mmoja wao alikuwepo siku ile. Mama wa makamo, kanga kiunoni, harufu ya samaki bado mikononi. Alinivuta pembeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Niambie ukweli. Nina milioni 12 humu. Nitoe?"

Kumwambia benki ni nzima kusingesaidia, kwani ningesema hivyohivyo hata kama si nzima. Nikamweleza kuhusu milioni 7.5, nikamwonyesha kibandiko cha Bodi kilichokuwa kwenye kioo cha dirisha, kimefifia kwa jua, ambacho hakuna mtu aliyekuwa amekisoma. Akakitazama kwa muda. Akauliza kama ni kwa kila benki peke yake, nikamwambia ndiyo.

Gari la fedha lilifika saa nane kasoro, kile kikaratasi cha mlangoni kikabanduliwa. Mama alipofika dirishani alitoa milioni 4.5, akazihesabu mara mbili, akavuka barabara kwenda kuziweka benki ya upande wa pili.