Saa ya kompyuta kurudi nyuma si kosa la Windows

"Kompyuta yangu ya mezani kila asubuhi inasema ni mwaka 2009. Niweke Windows upya?"

Hapana, kwa sababu tarehe hiyo hutoka kwenye ubao mama, ambako betri bapa ya CR2032, yenye volti 3, huendesha saa na kutunza mipangilio pale umeme wa ukutani unapokatika. Betri hiyo ikichoka, ukizima kompyuta bila kuchomoa waya, tarehe hubaki sahihi. Ukichomoa, hurudi nyuma na kwenye kioo husomeka `CMOS checksum error`. Betri niliyoipima juzi ilibakiwa na volti 2.1 tu. Chomoa waya, weka betri mpya kama ya zamani ilivyokaa, kisha ingia BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio ya ubao mama, urekebishe tarehe na mipangilio mingine, maana betri mpya haiirudishi iliyokwisha kupotea.