Ukianza na "swala" ukurasa wa tatu, usituletee "sala" ukurasa wa tisini

Tangu tuanze kupokea maandiko ya historia za misikiti ya huku kwetu, kuanzia Mumias na Kendu Bay mpaka Kisumu na Nakuru, malalamiko hayaishi ya kwamba andiko limerudishwa "juu ya herufi mbili tu". Ni kweli, ni herufi mbili, lakini zinabadilika badilika kila sura na faharasa yote inaharibika, manake swala inaingia mahali pake na sala mahali pengine, na msomaji anayetafuta moja anakosa kurasa za ile nyingine.

Kwanza tuelewane, hakuna aliyesema sala ni kosa ama swala ni kosa. Zote zinatumika, na Waislamu wengi hapa Kenya wanapenda swala, swaumu, swahaba, kwa sababu sauti ya Kiarabu pale ni nzito. Chagua moja ushikilie. Na kama umechagua swala basi uende na familia yake yote, swaumu, swadaka, swahaba, usiweke swala alafu saumu kwa sentensi moja. Wengine hutuambia eti "Kiarabu ndio sahihi" kwa hivyo wanarudisha kh kila pahali, khabari, khatari, khasara, na sisi tunawajibu kila mara kwamba Kiswahili sanifu kishazoea habari, hatari na hasara. Hio vita imeisha jamani. Khalifa na Khadija zinabaki na kh yake, hakuna anayezigusa.

Sasa shida kubwa ni vile watu wanarekebisha. Mtu anaambiwa achague, anaenda kwa kompyuta anabonyeza `Replace All`, sali iwe swali, anatuma jioni hio hio. Kuna andiko moja lilikuja hivyo. Walisali ikawa waliswali, sawa kabisa. Lakini asali ya kuuza sokoni ikawa "aswali", na alipofanya sala iwe swala, msalaba wa wamisheni ukawa "mswalaba" na usalama ukawa "uswalama". Hizo zinaonekana haraka, utacheka urekebishe. Ile mbaya ni "wazee waliosalia katika ukoo", yani waliobaki hai, ikawa "wazee walioswalia". Soma tena. Hakuna programu ya kukagua tahajia itakayokuamsha hapo, kwa sababu hilo ni neno halali, ila historia imebadilika, wazee waliobaki wamegeuka wazee walioswali.

Mtu atasema basi atumie `Find whole words only`. Haisaidii sana kwa lugha yetu, itashika sala peke yake lakini itaruka wakasali, aliyesalisha, hawajasali, kwa vile viambishi vimeng'ang'ana na neno. Kwa hivyo ni `Find Next`, moja moja, unasoma sentensi alafu unaamua. Kama kuna kijana wa kompyuta karibu, mwambie ahifadhi andiko kama maandishi matupu, atoe orodha ya maumbo yote kwanza:

```
grep -oiE "\w*sw?al[ai]\w*" andiko.txt | sort | uniq -c
```

Hio inaonyesha kila umbo na limetokea mara ngapi. Salama, asali, msalaba na maswali yatakuja pia, hayo unayapiga mstari. Zile za kubadilisha zinabaki wazi, na waliosalia unaifuata mpaka kwa sentensi yake uone ni ya kubaki ama ya ibada.

Alama ya ' nayo. Ukiamua Kurani badala ya Kur'ani, tafadhali usifute hizo alama zote kwa mkupuo, manake ng'ombe atakuwa ngombe na Nyang'ori itakuwa Nyangori, na watu wa huko watatupigia simu sisi, sio wewe.

Utaratibu basi. Kila andiko lije na karatasi ya tahajia yenye safu tatu: umbo ulilochagua, maumbo uliyokataa, na mahali ambapo sheria haifanyi kazi. Safu ya tatu ndio watu wanaacha tupu. Humo unaweka majina ya watu vile wanavyoyaandika wenyewe, Khamis abaki Khamis hata kama ndugu yake anajiandika Hamisi. Unaweka pia nukuu kutoka barua za zamani, hizo haziguswi kabisa hata zikiwa na khabari. Na majina rasmi, kwa mfano kadhi, ambaye yuko kwa ibara ya 170 ya Katiba ya 2010, usitugeuzie kuwa qadhi.

Andiko bila karatasi hatulisomi, linarudi na linapanga foleni upya. Ukileta karatasi lakini sura hazifuati, tunarudisha sura hizo tu. Kurasa zikishapangwa, mabadiliko ya tahajia yanalipiwa na mwandishi, pamoja na kutengeneza faharasa upya, na hapo hatujadiliani. Karatasi inaweza kuandikwa kwa mkono, bora isomeke, na iwe na sahihi ya aliyeandika na ya aliyehakiki, wasiwe mtu mmoja.