Mpunga unatolewa zaka, karafuu je? Namna sheria ya dini inavyojengwa

Kila msimu wa karafuu Pemba ukishika moto swali hili linarudi, na safari hii limeletwa na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa usuli fikihi, yaani elimu ya namna hukumu za dini zinavyotolewa kwenye dalili zake, wengi wao watoto wa wakulima. Wanasema mzee analima mpunga bondeni, anavuna, anatoa zaka siku ile ile ya mavuno. Shamba la juu ana mikarafuu, anachuma, anaanika, anapeleka shirika anauza mamilioni, na hapo hatoi kitu, na akiulizwa anajibu karafuu haina zaka masheikhe wameshasema. Sasa masheikhe wamesema kutoka wapi, mana karafuu haikutajwa kwenye Kurani wala kwenye hadithi ya zaka? Swali zuri sana hilo, na mimi nalipenda kwa sababu ukilifuata mpaka mwisho unaiona sheria nzima inavyotoka kwenye aya mpaka kwenye gunia la mtu.

Tuanze na maandiko. Aya zinazotumika hapa ni mbili. Ya kwanza ipo suratul Bakara, aya ya 267, inaamrisha kutoa katika vile vizuri mlivyochuma na katika vile tulivyokutoleeni kutoka ardhini. Ya pili suratul Anaam aya ya 141, inataja mabustani, mitende, mimea ya namna namna, mizaituni na mikomamanga, halafu inasema toeni haki yake siku ya kuvunwa kwake. Ukizisoma hizi peke yake utasema basi mambo yamekwisha, karafuu si imetoka ardhini? Si inavunwa? Itolewe. Na usidhani unajidanganya, mana Abu Hanifa, imamu wa madhehebu ya Hanafi aliekufa mwaka 150 wa Hijria, amesema hivo hivo, kila kinachooteshwa na ardhi kwa makusudi ya kupata mazao kina zaka, kidogo au kingi, kaondoa kuni, nyasi na mianzi tu.

Lakini zipo na hadithi. Moja ipo kwa Bukhari, kwamba kilichonyweshwa na mvua na chemchem kina fungu la 10, na kilichonyweshwa kwa kazi ya kumwagilia kina nusu yake. Nyengine ipo kwa Bukhari na Muslim wote, kwamba chini ya wasaki 5 hakuna zaka. Wasaki ni kipimo cha zamani cha nafaka, na moja ni pishi 60, kwa hiyo tano ni pishi 300, na kwa mizani ya leo wengi wanakadiria kilo 600 na kitu za nafaka. Halafu ipo ya tatu, ya masahaba Muadh na Abu Musa walipopelekwa Yemen, wakaambiwa wasichukue zaka ila katika vitu vinne, ngano, shayiri, tende na zabibu. Hii ya tatu wataalamu wa hadithi wameizungumza sana, wapo walioikubali na wapo walioona sanadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, ina udhaifu, lakini kwamba vitu vinne hivyo vina zaka hilo wanavyuoni wamekubaliana wote, na kukubaliana huko ndiko kunakoitwa ijmai.

Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapopotea, wanafikiri Abu Hanifa hadithi ya wasaki 5 haikumfikia. Wapi! Ugomvi uko kwengine kabisa. Aya imesema jambo kwa ujumla, hadithi imekuja kubana. Imamu Shafii, alieishi kuanzia mwaka 150 mpaka 204 Hijria na ndie anaefuatwa na wengi wetu huku visiwani, kanuni yake ni kwamba hadithi ikishasihi, hata kama imepokewa na mtu mmoja mmoja, inaibana aya ya jumla, kwa sababu kazi ya Mtume ni kuibainisha Kurani. Mahanafi wao wanasema tamko la jumla la Kurani lina nguvu ya yakini, na hadithi ya mpokezi mmoja mmoja haifiki nguvu hiyo, kwa hiyo haiwezi kuikata aya hivi hivi. Basi wasaki 5 Abu Hanifa kazifahamu kuwa zinahusu nafaka iliyokuwa ya biashara, si mazao ya shambani. Na ukitaka kujua kwamba hili si suala la kimadhehebu la kushabikia, wanafunzi wake wawili wakubwa, Abu Yusuf na Muhammad bin Hassan, walimkatalia mwalimu wao hapo, wakaenda na wasaki 5.

Na ile aya ya komamanga? Mshafii anajibu kwamba sura ile ni ya Makka, na zaka yenye viwango imewekwa Madina, kwa hiyo haki inayotajwa pale ama ni sadaka ya jumla kabla ya zaka, ama ni amri iliyokuja kufafanuliwa baadae. Halafu anaongeza hoja ya mila, yaani mwenendo wa watu wa Madina: watu walikuwa wanalima mboga miaka yote ya Mtume na makhalifa, na haikupokewa kwa njia madhubuti kwamba alitumwa mtu kwenda kuchukua zaka ya mboga. Hadithi inayosema wazi kuwa mboga hazina zaka ipo, lakini Tirmidhi mwenyewe alieipokea kasema haikusihi, kwa hiyo uzito wote unakaa kwenye ule mwenendo.

Haya, sasa akili inaingia. Tuna vitu vinne vya uhakika, lakini mpunga haumo, mahindi hayamo, mtama haumo. Ukisimama kwenye vinne tu, mkulima wa mpunga wa Pemba hana zaka kabisa, na wapo wanavyuoni waliosimama hapo. Shafii hakusimama. Kauliza, hivi vinne vimekusanywa na nini? Hiyo ndiyo illa, sababu ambayo hukumu imefungwa nayo, na kazi yote ya kiyasi, yaani kulinganisha kisichotajwa na kilichotajwa, iko kuitafuta hiyo. Akaona vyote vinne ni chakula cha kutegemewa, mtu anaishi nacho kwa hali ya kawaida si wakati wa njaa tu, na kinakauka kikawekwa akiba. Mpunga una sifa zote hizo, basi unaingia. Mchicha hauwekeki, unatoka. Ndimu hawaishi nazo watu, zinatoka.

Na karafuu? Hapa kuna kijana aliandika kwenye asainmenti kwamba karafuu nayo inaliwa, inatiwa kwenye pilau, na inakauka inakaa miaka, basi ni sawa na ngano. Kiyasi hichi kinavunjika, na namna ya kukijua ni nyepesi: rudi kwenye vile vinne uulize, je sifa yangu ndiyo iliyomo mule? Kwenye ngano sifa si kuliwa, ni kushibisha na kutegemewa. Hakuna mtu anaepika sufuria la karafuu akala na wanawe. Halafu ijaribu mbele, ukisema kila kinacholiwa kikakauka kina zaka, utaingiza pilipili na kila kiungo cha dukani, na Mshafii hakubali hivo. Hanbali, yaani anaefuata madhehebu ya Imamu Ahmad bin Hanbal, lakini anakubali sehemu yake! Kwake yeye illa si chakula, ni kupimika kwa kibaba, kukauka na kubaki, na ndio mana bizari nyembamba kwake ina zaka na kwetu haina. Yaani vitu vinne vile vile, illa mbili, hukumu mbili.

Ipo na nukta moja ambayo kwangu mimi ndiyo tamu kuliko zote. Shafii mwenyewe, kabla hajahamia Misri mwaka 199 Hijria, kauli yake ya zamani ilikuwa kwamba mzaituni na zafarani vina zaka, kwa kutegemea mapokezi kutoka kwa masahaba. Zafarani ndiyo ndugu wa karibu wa karafuu hapa, ua la bei ghali, halishibishi, linauzwa. Baadae yale mapokezi hayakumthibitikia, na yalipoanguka hakubaki na kitu cha kuishikilia zafarani isipokuwa kiyasi, na kiyasi chake cha chakula hakiifikii, akaiacha. Kauli ya pili ndiyo inayofuatwa. Ukiuliza karafuu ilitokaje kwenye zaka, imetoka kwa mlango huo. (Karafuu Waarabu walikuwa wanaijua tokea kabla ya Uislamu, ipo kwenye shairi la Imru-ul-Kais, lakini kwao ilikuwa harufu inayokuja na majahazi, si mti wa kulima.)

Sasa tuhesabu. Tuseme mzee kavuna mpunga wa mvua, ukishakobolewa ni mchele kilo 900. Umevuka kiwango, anatoa fungu la 10, kilo 90, hangojei mwaka. Karafuu kavu kapata kilo 500, na tuseme kwa mfano tu kilo ni shilingi 14,000, kapata milioni 7. Kwa Shafii leo hatoi kitu. Zile pesa zikikaa mkononi mwake mwaka mzima wa Hijria na zikabaki zimefika kiwango cha zaka ya fedha, anatoa asilimia 2.5, shilingi 175,000 kama zote zimebaki. Akiezeka nyumba mwezi wa pili zikamaliza, hana kitu cha kutoa. Kwa Abu Hanifa anatoa kilo 50 siku ya mavuno, au thamani yake, shilingi 700,000, mana Hanafi anaruhusu kutoa thamani na Shafii haruhusu. Tofauti si ndogo, na ndiyo iliyomfanya mwanachuoni Yusuf al-Karadhawi, aliefariki mwaka 2022, aegemee kwa Abu Hanifa: vipi mwenye shayiri kidogo atoe na mwenye mabustani ya mamilioni asitoe? Mimi binafsi naona hoja ile ina nguvu kwa Pemba, ila mtu asije akasema Shafii hakufikiri, kafikiri na kazuia kuchukua mali ya mtu bila ya dalili iliyosimama.

Kinachoharibika zaidi ni pale mtu anapochanganya. Kuna anaesema mimi nakwenda na Abu Hanifa karafuu ina zaka, lakini nalipa wachumaji kila pishi na nakodi gari, kwa hiyo nakata gharama kwanza nibaki na kidogo. Abu Hanifa hakukata gharama za kazi, kwake lile fungu la 10 linatoka kwenye mavuno yote, na Shafii kwenye mpunga wake hali ni hiyo hiyo. Kukata gharama wapo wanavyuoni wa sasa wanaokuruhusu, nao wana dalili zao na wana mipaka yao, sasa ukimchukua huyu kwenye wajibu na yule kwenye gharama na wa tatu kwenye kulipa thamani, hukumu uliyoitengeneza hakuna hata mmoja wao aliyeisema kwa ukamilifu wake. Kwenye usuli hiyo inaitwa talfiki, wengi wameikataa inapofanywa kwa kutafuta wepesi tu, na kwenye swali la karafuu ndipo tutakapoanzia wiki ijayo.