Kope ndefu jicho moja: matone ya glakoma na mabadiliko yake

Mwalimu mmoja mstaafu alikuja kliniki hapa Kisumu akiwa amevaa miwani nyeusi. "Daktari," akaniambia, "kanisani wananiuliza kwa nini nimebandika kope jicho moja." Kwa miezi mitano alikuwa akitia latanoprost, dawa ya glakoma inayoshusha presha ya jicho, tone moja kila usiku, jicho la kushoto tu. Kweli, nywele za kope za upande huo zilikuwa ndefu, nene na nyeusi kuliko za kulia. Kwa aibu aliiacha dawa wiki sita. Presha ya jicho, iliyokuwa imeshuka kutoka 28 hadi 17, nikaikuta imerudi 27. Hilo ndilo lililoniuma, maana mshipa wa fahamu wa jicho ukishakufa kwa glakoma haufufuki.

Latanoprost, travoprost na bimatoprost hufungua njia ya maji kutoka ndani ya jicho. Zikigusa mashina ya kope, nywele huendelea kukua kwa muda mrefu kuliko kawaida. Kwa kawaida hakuna madhara, na ukiacha dawa hurudi polepole zilivyokuwa. Ngozi ya chini ya jicho nayo yaweza kuwa nyeusi, ndiyo maana nasisitiza upanguse tone linalomwagika shavuni.

Rangi ya jicho ni habari nyingine. Chembe zinazotengeneza rangi huitengeneza kwa wingi zaidi, lakini zenyewe haziongezeki. Weusi huo hauondoki hata ukiacha dawa, ila haudhuru kuona. Huonekana hasa kwa macho yenye rangi mchanganyiko, kama kijani na kahawia. Kwa macho ya kahawia iliyokolea, kama ya wengi wetu, ni nadra kuutambua. Weusi wa dawa husambaa taratibu. Doa jipya, au doa la zamani linalokua au kuinuka, usiisingizie dawa. Njoo lipimwe.

Mwalimu alikuwa na jambo jingine alilolitaja akiwa anasimama kuondoka: "Nahisi kama kuna mchanga." Nilipotia rangi ya kupimia na kutazama kwa darubini, nikaona mkwaruzo mwembamba kwenye konea, utando angavu wa mbele ya jicho. Unywele mmoja ulikuwa umepinda kwa ndani, ukilisugua jicho kila akipepesa. Niliung'oa, nikampangia arudi, kwa sababu huota tena.

Kuna dalili zisizongoja tarehe ya kliniki: maumivu, mwanga kuumiza, au kuona ukungu. Aliyefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho awe makini zaidi, kwani maji yanaweza kujaa katikati ya retina, tabaka la nyuma ya jicho linalopokea mwanga, na mistari iliyonyooka ikaonekana imepinda. Wekundu kidogo wiki za mwanzo ni kawaida. Unaozidi au unaoandamana na maumivu si kawaida.

Mwalimu aliomba nimbadilishie dawa. Timolol, matone mengine ya glakoma, haikumfaa, kwani ana pumu, na matone hayo yanaweza kubana kifua. Nilipomweleza, akakubali kurudia latanoprost. Mwezi mmoja baadaye presha ilikuwa 18, na miwani nyeusi alikuwa ameiacha nyumbani.